Shajara ya mradi: Hisabati ya Kidato cha Nne kwenye mianya ya siku, Dodoma

Julai, wiki ya kwanza. Kazi yenyewe

Mradi huu ni wa mtahiniwa mmoja wa kujitegemea anayerudia Hisabati ya Kidato cha Nne mwezi Novemba. Anaishi Nkuhungu, ana mtoto wa miezi minane anayenyonya na mwingine wa miaka mitatu. Mume wake anaondoka alfajiri kwenda kazini Mtumba na kurudi jioni; Jumamosi anashinda nyumbani. Dada wa kazi hayupo. Bibi wa watoto yuko Chamwino na huja akiombwa mapema. Kikundi chetu cha marudio kinamsaidia kupanga, na hapa tunaandika kilichopangwa, kilichokwama na kilichobadilishwa.

Wazazi wengi wenye watoto wadogo huanza kwa kutafuta saa mbili tulivu. Katika nyumba hii saa mbili tulivu hazipo na hazitapatikana kabla ya Novemba, kwa hiyo tumeanzia upande wa pili: kazi ipi ya Hisabati inaenea kwenye dakika nne, ipi inataka zaidi, na ipi haikubali kukatwa kabisa.

Karatasi ya mtihani ndiyo iliyotupa kipimo. Ina maswali 14, yote ya lazima, kwa saa tatu. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja. Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama. Swali la Sehemu A basi lina haki ya dakika 11 hivi, na la Sehemu B dakika 18. Hiyo ni habari njema kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu alama 60 kati ya 100 zinatafutwa kwa vipande vya dakika 11. Lengo la mradi likawa hilo: ifikapo katikati ya Oktoba, mtahiniwa aweze kuanza na kumaliza swali moja la Sehemu A ndani ya mwanya mmoja wa dakika 11, bila kuhitaji muda wa kujikumbusha alikuwa wapi.

Julai, wiki ya pili. Kupima mianya

Karatasi ilibandikwa ukutani jikoni na penseli ikafungwa kwa uzi pembeni yake. Kila alipojikuta na nafasi, hata ya dakika tatu, aliandika muda, kisha mambo matatu: mikono iko wapi, macho yako wapi, na nafasi ilikatwa na nini. Bila hayo matatu hesabu ya dakika hudanganya. Kunyonyesha kwa dakika 15 kunaonekana nafasi kubwa kuliko dakika tano za kusubiri maji ya uji yachemke, lakini anaponyonyesha mkono mmoja umembeba mtoto na kalamu haishikiki. Kwenye maji ya uji mikono yote iko huru.

Karatasi ya ukutani ilipojumlishwa, siku ya kawaida ilitoa kati ya dakika 70 na 80, na hakuna mwanya uliozidi dakika 40. Tumeigawa kwa majina ambayo tutayatumia mpaka mwisho.

Mwanya wa masikio ni ule ambao mikono na macho vimeshikwa: kunyonyesha, kuosha vyombo, kufua, kubembeleza. Huo ndio mwingi kuliko yote. Mwanya wa kadi ni ule wa dakika mbili hadi sita ambao mkono mmoja na macho viko huru, hata kama kuna kelele: maji yanachemka, watoto wanacheza uani, foleni ya dukani. Mwanya wa meza unahitaji kukaa, karatasi, na walau dakika 11 ambazo hakuna anayevuta nguo yako. Huo unapatikana mara mbili kwa siku, pengine tatu: alfajiri saa kumi na moja kama mtoto hakuamka sana usiku, saa nne asubuhi mdogo anapolala, na baadhi ya siku saa nane mchana wote wawili wakilala pamoja.

Saa tatu usiku, watoto wakishalala, haikuingizwa kwenye mwanya wa meza ingawa nyumba imetulia. Karatasi ya ukutani ilionyesha kwamba saa hiyo huishia kwenye kusoma tu, kwa macho mazito, na kesho yake hakuna kilichobaki. Tumeipa kazi nyepesi zaidi, yaani kuandaa kadi za kesho, kuzipanga na kulala. Kwa mtu anayeamshwa kunyonyesha usiku, nusu saa ya usingizi ina thamani kuliko nusu saa ya kurudia kanuni.

Julai, wiki ya tatu. Kadi

Kadi ni za karatasi ya manila. Karatasi ya ukubwa wa A4 inakatwa vipande vinane, kila kimoja sentimita 10.5 kwa 7.4, kinachoenea kiganjani. Kila kadi ina namba pembeni na tundu kwenye kona, na kadi nane zinafungwa pamoja kwa kamba ya kiatu. Kamba si pambo. Julai hadi Septemba upepo wa Dodoma hauna adabu, na kadi zilizolegea uani zinaishia kwa jirani. Tumetumia kalamu ya wino mkavu, kwani kalamu za wino wa maji hufutika kadi ikiguswa na mkono uliotoka kwenye vyombo. Kila kadi imenakiliwa pia kwenye kaunta buku kwa namba yake, maana mtoto wa miezi minane hutafuna chochote kinachofika mdomoni, na kadi iliyotafunwa lazima iandikwe upya bila kuanza kutafuta swali lilikuwa lipi.

Kwa nini si simu? Tulijaribu. Simu ikionekana tu, mtoto wa miaka mitatu anataka katuni, na mwanya wa dakika nne unageuka ugomvi wa dakika kumi. Kadi hazimvutii hivyo, hasa akipewa zake. Alikatiwa kadi nane tupu na penseli ya rangi, zikafungwa kwa kamba ileile. Mama akitoa zake naye anatoa zake. Hilo linanunua dakika tano, siku nyingine kumi. Ni zana ya bei rahisi kuliko zote kwenye mradi huu.

Upande wa swali umeandikwa kwa Kiingereza kama mtihani unavyouliza. Upande wa jibu una hatua kwa alama za hesabu na maelezo mafupi kwa Kiswahili. Kadi za kwanza ziliandikwa Kiswahili pande zote, na zikatoa picha ya uongo: mtahiniwa alijibu vizuri, kisha akakwama kwenye karatasi ya zamani kwa sababu hakulitambua swali lilelile likiwa limevaa lugha nyingine.

Kanuni ya kutumia kadi ni moja na haina msamaha: jibu linasemwa kwa sauti au kuandikwa kwa kidole kabla ya kugeuza. Kusoma swali, kugeuza na kusema "ndiyo, nilijua" hakuhesabiwi. Roediger na Karpicke walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Wengine walivisoma tena, wengine walijaribu kuvikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja walikuwa nyuma, asilimia 42 kwa 56. Vifungu vile vilikuwa vya maandishi na si Hisabati, lakini tabia hiyo tunaiona hata hapa. Kanuni iliyosomwa mara tatu huonekana imekaa, na Jumamosi haipo.

Julai, wiki ya nne. Kukata swali vipande

Hapa ndipo Hisabati inapotofautiana na masomo ya kukariri. Swali moja lina uzi, na mtoto akilia katikati uzi unakatika. Tumelichukua swali moja la mfuatano wa namba na kulikata ili tuone kila kipande kinataka mwanya gani. Mfuatano huu huongezeka kwa kiasi kilekile kila hatua. Namba ya tatu ni 11, ya nane ni 31. Tafuta jumla ya namba 20 za kwanza.

Kipande cha kwanza ni kuligeuza swali kuwa milinganyo, bila kukokotoa chochote. Namba ya kwanza ni A1, ongezeko ni d:

```
A1 + 2d = 11
A1 + 7d = 31
```

Hiki ni kipande cha kadi, na sekunde 30 zinatosha. Kipande cha pili ni kutoa mlinganyo wa juu kwenye wa chini, 5d = 20, d = 4, kisha A1 = 11 − 8 = 3. Nacho kinaingia kwenye kadi, ila kinahitaji kalamu. Kipande cha tatu ni kuchagua kanuni ya jumla na kuijaza:

```
S20 = 20/2 × (2×3 + 19×4)
    = 10 × 82 = 820
```

Ukiviangalia vipande hivi kimoja kimoja, kazi inaonekana imekwisha. Lakini kosa kubwa la swali hili linajificha hasa kwa sababu ya kukatwa. Wengi huandika A1 + 3d = 11 na A1 + 8d = 31, wakidhani namba ya tatu ina hatua tatu. Angalia kinachotokea: ukitoa bado unapata 5d = 20, na d = 4 ni sahihi! Mwenye kadi ya kipande cha pili anageuza, anaona 4, anafurahi. A1 yake sasa ni −1 na jumla yake ni 740. Kosa lilifanyika kwenye kipande cha kwanza, na cha pili kikalifunika.

Dawa tuliyoiweka ni kipande cha nne, cha sekunde 20: rudi uhesabu kwa vidole. Kuanzia 3 na kuongeza 4: 3, 7, 11. Ya tatu ni 11, sawa. Kuanzia −1: −1, 3, 7. Ya tatu ni 7, swali lilisema 11, kuna kitu. Kila aina ya swali kwenye kadi sasa ina kadi yake ya kujihakiki ya namna hii. Kwenye milinganyo ni kurudisha majibu ndani ya mlinganyo ambao hukuutumia mwisho. Kwenye uwezekano ni kuangalia kama jibu liko kati ya 0 na 1. Kwenye pembetatu ni kuangalia kama upande mrefu uko mkabala na pembe kubwa.

Makosa ya aina hii hatukuyabuni. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, pamoja na sababu za kukosea. Kwa mtu mwenye dakika chache, kuandaa kadi kutokana na uchambuzi huo kuna faida kuliko kupitia kitabu kizima cha kiada tangu ukurasa wa kwanza.

Agosti, wiki ya kwanza. Bahasha tatu

Kadi zimefika 64. Zinazunguka kwenye bahasha tatu, kwa mtindo ambao Sebastian Leitner aliueneza miaka ya 1970, ila yeye alitumia vyumba vingi zaidi vya sanduku. Kadi mpya iko bahasha ya kwanza na huonekana kila siku. Ikijibiwa sawa siku mbili tofauti, inahamia ya pili, ya kila baada ya siku tatu. Ikijibiwa tena, inaenda ya tatu, ya mara moja kwa wiki. Ikikosewa popote, inarudi ya kwanza.

Kwa kadi mpya nne kwa siku, na kila moja ikiguswa mara nne hivi kabla haijafika bahasha ya wiki, kazi ya siku ni kadi 16, yaani vifungo viwili vya nane. Kifungo kimoja ni dakika nne. Hata siku mbaya ina mianya miwili ya dakika nne.

Kifungo cha siku kinafungwa kwenye pindo la kanga. Usidharau jambo hili. Kadi zikiwa chumbani juu ya kabati, mwanya wa dakika nne unaliwa na safari ya kuzifuata, na njiani kuna nguo ya kuanika na mtoto wa kubeba. Kwa mianya midogo, kinachoua marudio ni gharama ya kuanza, na kila sekunde unayoipunguza pale ni sekunde ya kadi.

Agosti, wiki ya pili. Sauti

Mwanya wa masikio ulikuwa hautumiki. Mtahiniwa alirekodi maswali kwa sauti yake mwenyewe kwenye simu, faili moja lisizidi dakika tatu: swali, kimya cha sekunde kumi, jibu. Rekodi za kwanza hazikuwa na kimya. Zikawa redio tu, zinasikika na kupita, na alipoulizwa baadaye hakukumbuka zaidi ya mtu aliyesikia tangazo. Kimya ndicho kinachofanya kazi. Sekunde kumi huonekana ndefu mno wakati wa kurekodi, kwa hiyo inabidi kuzihesabu polepole kwa vidole.

Si kila kitu kinaingia kwenye sauti. Kanuni, masharti na maana za alama zinaingia vizuri: jumla ya pembe za ndani za umbo lenye pande n, ni lini matriki haina kinyume, hatua ya kwanza ya kutafuta wastani kutoka jedwali la makundi. Swali lenye namba nyingi halifai. Mtu anayesugua sufuria hawezi kushika namba tano kichwani, na akijaribu anachoka bure. Tuliandika mpaka: namba mbili, basi.

Simu hukaa mfukoni au juu ya rafu, kioo kikiwa kimefunikwa, kwa sababu ya yule wa katuni.

Agosti, wiki ya tatu na ya nne. Chanjo, homa na deni

Mdogo alikuwa ameshatimiza miezi tisa na akapelekwa kliniki kwa chanjo ya surua na rubella. Foleni ya kliniki ni mwanya mzuri wa kadi: mtoto yuko mapajani, mkono mmoja huru. Ila saa ya elimu ya afya ni ya kusikiliza mhudumu, na kadi zinafungwa.

Jambo la kupanga ni baada ya hapo. Homa inayotokana na chanjo ya surua, ikija, mara nyingi haiji siku ileile. Huja kati ya siku ya tano na ya 12 baada ya chanjo. Kwa hiyo wiki ya pili iliandikwa kwenye mpango kuwa wiki nyepesi: hakuna kadi mpya, hakuna mwanya wa meza, kifungo kimoja tu kwa siku. Homa ilikuja kama ilivyotazamiwa, ya wastani, ikaondoka baada ya usiku mbili za shida. Mpango haukuvunjika kwa sababu ulikuwa umeshaikaribisha. (Homa kali, mtoto kulegea, kukataa kunyonya au degedege ni kumpeleka kituo cha afya mara moja, chanjo au si chanjo.)

Kilichovunjika ni kitu kingine. Siku hizo za homa ziliacha kadi zaidi ya 40 zilizotakiwa kupitiwa, na mtahiniwa akajaribu kuzilipa zote Jumapili. Kufika kadi ya 25 alikuwa anageuza bila kujibu. Kanuni mpya: deni la kadi halilipwi. Siku ya kurudi, chukua nane za juu za bahasha ya kwanza, zifanye, simama. Kadi mpya zinabaki zimefungiwa mpaka bahasha ya kwanza ishuke chini ya 16. Zilizokaa muda mrefu zaidi zitakosewa, zitarudi bahasha ya kwanza, na ndipo zinapostahili kuwa. Kwa wiki moja au mbili utapoteza kasi, lakini ratiba inayodai fidia kila mtoto anapougua huwa inatupwa kabisa kabla ya mwezi kuisha.

Septemba, wiki ya kwanza. Usingizi unapobadilika

Mdogo ameacha usingizi wa jioni, jambo la kawaida kwa umri huu. Mwanya mmoja wa kadi umekwenda nao. Wa saa nne asubuhi sasa ni mrefu kidogo, na tumeupanga upya.

Mwanzoni swali kubwa lilianza mara mtoto alipolazwa, kwa hofu kwamba ataamka mapema. Karatasi ya ukutani ikasema vingine: dakika kumi za kwanza ndizo zenye hatari, ndipo anaposhtuka akitaka kubebwa tena. Akishavuka hapo, hulala hadi dakika 35 au 40. Sasa dakika kumi za kwanza ni za kifungo cha kadi, mama akiwa amekaa karibu na kitanda. Zikipita salama, ndipo meza, swali moja la dakika 11, na muda ukisalia, la pili. Kufagia kunaweza kufanyika mtoto akiwa macho mgongoni. Swali la Sehemu A haliwezi. Hilo lilihitaji maelewano na mume, ili akirudi asishangae vyombo vya mchana bado viko kwenye beseni.

Kwenye meza kuna desturi moja ya kulinda uzi. Kabla ya kukokotoa chochote, mtahiniwa anaandika pembeni mwa karatasi hatua kwa maneno machache: milinganyo, d, A1, kanuni, jumla, hakiki. Akimaliza hatua anaikata kwa mstari. Watu hushauri uandike ulipofikia kabla ya kuinuka, lakini mtoto akianguka kitandani huandiki kitu, unakimbia. Hatua zikiwa pembeni tangu mwanzo, anayerudi baada ya saa mbili anapoteza mstari mmoja tu.

Septemba, wiki ya tatu. Kuchanganya

Kadi nane za mada moja zilikuwa zinajibiwa vizuri kupita kiasi. Sababu ilionekana tulipomwuliza anajuaje kanuni ya kutumia: alijua kwa sababu kadi iliyotangulia ilikuwa ya mada hiyohiyo. Mtihani hausemi mada. Sasa kifungo kina kadi za mada nne walau, na zisizidi mbili za mada moja. Matokeo yameshuka wiki hii, kama ilivyotazamiwa, na makosa mapya ni ya kuchagua njia kuliko ya kukokotoa. Kwenye trigonometria anachanganya kanuni ya saini na ya kosaini. Kadi iliyoongezwa haina hesabu kabisa: michoro sita ya pembetatu, kila mmoja ukionyesha kinachojulikana, na kazi ni kutaja kanuni. Pande mbili na pembe iliyo kati yake, kosaini. Pande tatu, kosaini. Upande na pembe inayoukabili, pamoja na kimoja zaidi, saini.

Oktoba, wiki ya kwanza na ya pili. Dakika 11, kisha saa tatu

Maswali ya Sehemu A sasa yanafanywa kwa saa ya simu, na simu iko juu ya kabati. Mengi yanaisha kati ya dakika 9 na 13. Takwimu ndiyo inayozidi, kwa sababu ya jedwali: kuchora mistari kunakula dakika mbili. Amejifunza kuandika safu bila kuzichorea rula.

Kuna kitu mianya haifundishi, nacho ni kukaa. Mtu aliyezoea dakika 11 anachoka kichwa baada ya saa moja na nusu, hata kama maswali anayajua. Kwa hiyo Jumamosi tatu za Oktoba baba anabaki na watoto, na mtahiniwa anafanya karatasi nzima ya zamani kwa saa tatu kamili, nyumba nyingine, si chumba cha pili. Sauti ya mtoto wako ukutani huikwepi. Karatasi ya kwanza ilionyesha hivyohivyo: maswali ya mwanzo masafi, Sehemu B ina makosa ya kunakili namba kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Mabadiliko ni kufanya maswali mawili ya Sehemu B mara baada ya matano ya Sehemu A, akili ikiwa bado mbichi.

Jumamosi hizo pia ni majaribio ya kunyonyesha. Saa tatu za mtihani pamoja na kwenda, kukaguliwa na kurudi zinakaribia saa tano. Mtoto wa miezi 11 anakula uji wa ulezi na matunda ya kupondwa, kwa hiyo yeye hana tatizo. Tatizo ni matiti kujaa na kuuma kuanzia saa ya tatu, na maumivu hayo yanaonekana kwenye karatasi. Kunyonyesha dakika za mwisho kabla ya kutoka, kukamua kidogo kabla ya kuingia, na kitambaa cha akiba ndani ya nguo vimetosha Jumamosi ya pili.

Oktoba, wiki ya tatu. Yaliyobaki

Kadi mpya zimesimama. Bahasha ya kwanza ina 11, nyingi za upangaji wa mistari, yaani linear programming, na za logarithimu. Upangaji wa mistari hautakwenda kwenye kadi zaidi ya hapa, kwa sababu grafu inahitaji meza na karatasi ya miraba. Umepewa mianya ya alfajiri ya wiki hii yote. Bibi ameombwa aje kutoka Chamwino siku mbili kabla ya mtihani, mtoto amzoee. Jumamosi inayokuja ni karatasi nzima ya tatu, na itaanza saa ileile ambayo ratiba ya mtihani imeiweka, ili tuone usingizi wa saa nne wa mdogo unakwendaje mikononi mwa mtu mwingine.